Agizo la malipo likishindikana kwa salio pungufu: usilipe tena kabla hujajua limekufa au linasubiri

Wifi yangu ni muuguzi katika zahanati ya kibinafsi Mtwapa. Ana mkopo wa Sacco, na rejesho lake ni shilingi 12,400 kila tarehe 5. Aliiandikia benki yake agizo la kudumu: ikifika tarehe, pesa zitoke zenyewe ziende Sacco. Liliendelea vizuri kwa miezi saba. Safari ya nane, Oktoba 2025, tarehe 5 ikaangukia Jumapili, na Jumatatu alfajiri simu yake ikaingia ujumbe kwamba malipo hayakwenda kwa sababu salio halitoshi.

Kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa amenipigia, nikamkopesha, akalipa Sacco kwa M-Pesa. Akaenda zamu yake akiwa ametulia. Jumanne alipotaka kutoa pesa ya kodi ya nyumba akakuta akaunti imepungua kuliko alivyotarajia. Benki ilikuwa imejaribu tena Jumatatu alasiri, mshahara ukiwa umeshaingia, na ikatuma 12,400 nyingine. Rejesho moja amelilipa mara mbili, na juu yake ametozwa faini.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye dawati la mikopo la Sacco na jambo hili nimeliona mara nyingi. Kupungukiwa kwenyewe hakumuumizi mtu sana. Kinachomuumiza ni ile haraka ya saa za kwanza. Hatua zifuatazo ni zile nilizompitisha wifi yangu, safari hii kwa mpangilio ambao ungemwepusha na hasara.

Kwanza, jua kilichopunguka ni nini hasa

Wifi aliniapia kwamba pesa zilikuwepo. "Nilikuwa na elfu kumi na tatu na mia moja hamsini, wifi. Nimeona kwa macho yangu." Ni kweli alizoziona. Lakini skrini ya benki huonyesha salio la aina mbili. Moja ni salio la leja, yaani kila kilichoandikwa kwenye akaunti. La pili ndilo unaloweza kulitumia, ambalo kwenye programu nyingi za simu huandikwa `Available Balance`. Agizo la malipo hupimwa kwa hilo la pili.

Akaunti yake ina kiwango cha chini cha shilingi 1,000 kisichoguswa. Kwa hiyo zile 13,150 zilikuwa na uwezo wa kulipa 12,150 tu. Upande wa pili, rejesho ni 12,400, na benki yake hutoza shilingi 60 kwa kila agizo linalotoka, ushuru ukiwa ndani. Zilihitajika 12,460. Akapungukiwa na shilingi 310.

Mfumo wa benki haukati nusu. Haulipi 12,150 kisha ukadai iliyobaki. Ama hulipa zote au haulipi kitu. Ndiyo maana mtu aliyepungukiwa na shilingi 310 na mtu asiye na senti hupata ujumbe uleule.

Kwa hiyo fungua taarifa ya akaunti ya siku tatu zilizopita, ujumbe wa simu peke yake hautoshi. Tafuta vitu vitatu: salio la kutumika asubuhi ile, makato yaliyopita mbele ya agizo lako, na pesa zilizozuiwa. Makato yanayomtangulia mtu mara nyingi ni ada ya mwezi ya akaunti, au mkopo wa simu wa benki ileile unaojikata wenyewe mara salio linapoonekana. Pesa zilizozuiwa mara nyingi ni hundi ambayo haijakomaa, au malipo ya kadi ambayo duka halijayakamilisha.

Angalia pia tarehe. Siku ya agizo ikiwa Jumapili au sikukuu, benki moja hulipeleka siku ya kazi inayofuata na nyingine hulitanguliza siku ya kazi iliyopita. Ikitangulizwa, agizo lako la tarehe 5 linaweza kugonga tarehe 3, wakati mshahara bado uko njiani.

Pili, uliza kama agizo limekufa au linasubiri

Hatua hii ndiyo wifi aliyoiruka, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Agizo likikosa pesa, benki zina tabia tofauti. Zipo zinazojaribu mara moja tu, zikishindwa zinaacha hadi mwezi ujao. Nyingine hujaribu alfajiri, halafu tena mchana au jioni ya siku ileile. Na nyingine hurudia siku mbili tatu mfululizo. Yote hayo yamo kwenye masharti ya agizo ulilotia saini, lakini ni nani anayeyakumbuka?

Kwenye programu ya benki, nenda mahali yanapokaa malipo yaliyopangwa. Likiandikwa `Failed`, kwa kawaida jaribio la leo limekwisha. Likiandikwa `Pending`, bado liko kwenye foleni. Usiishie hapo lakini, kwa sababu nimeona agizo linaloonyesha limeshindikana na mfumo ukalirudia kesho yake. Piga simu ya huduma kwa wateja au nenda tawini, na uulize hivi:

"Samahani dada, agizo langu la kudumu la tarehe 5 limeshindikana leo. Je, mfumo utalijaribu tena kabla ya mwezi ujao? Kama ndiyo, ni lini na mara ngapi? Nikiweka pesa sasa hivi, litatoka lenyewe au nilipe kwa njia nyingine?"

Jibu litakupa njia mbili, na uchague moja tu.

Kama litarudiwa na pesa unazo au zinaingia leo, weka pesa na usubiri. Weka na ziada, maana benki inaweza kukata kwanza faini ya kushindikana halafu ndipo ijaribu kulipa. Mtu akiweka zile 310 kamili zilizopungua, faini ya shilingi mia kadhaa huzila, na agizo likashindikana mara ya pili, na faini nyingine ikaja.

Kama halirudiwi, au huwezi kusubiri, lipa kwa mkono. Lakini kama liko kwenye foleni, kwanza waombe wasimamishe jaribio la mwezi huu pekee. Sema waziwazi "la mwezi huu pekee", la sivyo mhudumu anaweza kufuta agizo zima na Novemba ikapita kimya bila kitu kulipwa. Pata uthibitisho wa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mstari mmoja, au andika jina la mhudumu, saa, na nambari ya ombi lako.

Na kuna swali lingine la kujiuliza: hizi pesa nazisukuma mimi au anazivuta anayenidai? Agizo la kudumu ni lako. Wewe ndiye unayeiamuru benki, na wewe unaweza kulisimamisha. Lakini ukiwa ulitia saini fomu ya kumruhusu anayekudai azichukue mwenyewe kwenye akaunti yako, kama wanavyofanya kampuni nyingi za bima, basi kurudia au kutorudia kumo mikononi mwake. Hapo benki itakuambia haijui, na ni kweli haijui. Mpigie anayekudai.

Tatu, mwambie anayekudai kabla hajakutafuta

Nikiwa dawatini, orodha ya waliochelewa ilinijia asubuhi. Mwanachama aliyeandika mapema nilimwekea alama pembeni, na simu ya kwanza haikwenda kwa wadhamini wake. Sikuwa nampendelea; nilikuwa na sababu ya kuandika kwenye faili.

Ujumbe usiwe mrefu. Wa namna hii unatosha:

"Habari za asubuhi. Mimi ni mwanachama nambari (andika yako). Rejesho la Oktoba, shilingi 12,400, halikutoka benki leo kwa salio pungufu. Nitalilipa kufikia kesho saa sita mchana kwa M-Pesa, na agizo la benki la mwezi huu nimelisimamisha. Naomba mnijulishe kama kuna faini ya kuchelewa."

Taja kiasi, siku na njia. Ukisema "nitalipa hivi karibuni", mwenye dawati hana cha kuandika.

Watu hushangaa kwa nini Sacco inasumbuka kwa siku moja tu. Sababu iko kwenye kanuni za 2010 za SASRA, mamlaka ya kusimamia Sacco, zinazohusu Sacco zinazopokea amana Kenya. Mkopo uliochelewa siku 1 hadi 30 hautahesabika tena kuwa safi. Huingia kundi la kuangaliwa, na Sacco lazima itenge pesa kidogo kwa ajili yake. Ukivuka siku 30, huingia kundi baya zaidi na pesa zinazotengwa huongezeka. Kwa hiyo ofisa wa mikopo anahesabu siku, hata kama wewe unahesabu miezi.

Wasiwasi wa kuorodheshwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, yale tunayoyaita CRB, nao hujitokeza mapema mno. Agizo la benki kushindikana mara moja hakukupeleki huko. Taarifa mbaya huhusu mkopo uliokaa siku 90 bila kulipwa, na mkopeshaji anatakiwa akupe taarifa siku 30 kabla ya kuipeleka. Hata hivyo, usichanganye na hundi. Hundi iliyorudishwa kwa kukosa pesa ni jambo zito zaidi: yenyewe huhesabiwa taarifa mbaya, na kuitoa huku ukijua akaunti haina pesa ni kosa la jinai nchini Kenya. Kama malipo yako ya tarehe ya mbele yalikuwa hundi, usingoje hata saa moja. Mwone uliyemwandikia leo hii.

Nne, lipa, na uangalie nambari mara mbili

Baina ya benki, PesaLink hufika papo hapo hadi shilingi 999,999 kwa muamala mmoja, na hufanya kazi hata Jumapili. Kwa Sacco nyingi, M-Pesa ni rahisi zaidi. Penye kuteleza ni kwenye nambari ya akaunti. Agizo la benki lilikuwa limeshika nambari ya mkopo wako tangu siku ya kwanza; wewe ukilipa kwa mkono utaandika nambari ya uanachama tu, kwa kuwa ndiyo unayoikumbuka. Sacco nyingi zina alama ya kuongeza inayoonyesha kama pesa ni za mkopo, amana au hisa. Ukiiacha, pesa huingia kwenye amana, au hukaa kwenye akaunti ya muda pamoja na pesa nyingine ambazo mwenyewe hajulikani. Mfumo unaendelea kukuona hujalipa, na wewe umelala usingizi ukijua umelipa.

Baada ya siku moja, omba taarifa ya mkopo wenyewe. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zilitoka kwako, basi. Taarifa ya mkopo ndiyo inayoonyesha zilipoangukia.

Tano, faini mbili, na ile inayokuja baadaye

Faini ya kwanza ni ya benki. Wifi alitozwa 600, ushuru ukiwemo. Hakuikuta siku ileile asubuhi. Ilijikata mara mshahara ulipoingia. Ada hii hutofautiana kati ya benki na benki, kwa hiyo omba orodha ya ada iliyochapishwa na uitafute humo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mabenki ya Kenya kinazuia benki kupandisha ada bila idhini ya waziri anayehusika na fedha, na orodha hiyo unayo haki ya kuioneshwa. Ukikuta umetozwa zaidi ya kilichoandikwa, au umetozwa mara mbili kwa majaribio mawili ya siku moja, lalamika kwa maandishi kwa benki kwanza. Wasipokujibu, mlango wa Benki Kuu uko wazi.

Faini ya pili ni ya anayekudai. Kwa Sacco huwa ni asilimia ya rejesho lililochelewa, kulingana na sera yake ya mikopo. Omba isamehewe kama ndiyo mara ya kwanza. Nimesaini misamaha mingi ya namna hiyo, ila sijawahi kumsamehe mtu ambaye hakuomba.

Halafu ipo athari ambayo watu hawaioni hadi mwezi unaofuata. Ile 600 iliyotoka haikuwamo kwenye hesabu zako. Kama unaishi kwa kuacha kiasi kilekile cha rejesho kwenye akaunti, Novemba utaanza ukiwa na upungufu wa 600, na agizo linashindikana tena. Baadhi ya benki hufuta agizo likishindikana mara kadhaa mfululizo, na ujumbe wa kufutwa huja kama tangazo la kawaida ambalo hulisomi.

Ikiwa umeshalipa mara mbili

Rudi kwa wifi yangu. Malipo ya M-Pesa ya asubuhi yaliingia kwenye mkopo, rejesho la Oktoba likafungwa. Alasiri zikafika 12,400 za benki. Mfumo wa Sacco ukaona hakuna rejesho linalodaiwa, ukaziweka kwenye amana zake. Hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu amana za aina hii hazitolewi ukiwa mwanachama. Ni dhamana ya mkopo wako na ya wale uliowadhamini. Huziondoi mpaka ujitoe.

Benki haikuweza kumrudishia, kwa kuwa agizo lilikuwa halali na pesa zilikuwa zimeshafika. Tulichofanya ni kuiandikia Sacco barua, tukaambatisha ujumbe wa M-Pesa na taarifa ya benki inayoonyesha malipo mawili ya siku moja kwa rejesho moja. Na hapa maneno ya barua yana uzito. Ukiandika tu "naomba pesa hizi ziingie kwenye mkopo", watazitumia kupunguza deni kuu, jambo ambalo si baya, kwa kuwa riba ya mkopo kama wake huhesabiwa kwenye deni lililobaki. Lakini rejesho la Novemba litabaki linadaiwa vilevile. Sisi tuliandika: "Naomba shilingi 12,400 zilizoingia kwenye amana tarehe 6 Oktoba kwa makosa zihamishwe na zihesabiwe kuwa rejesho la Novemba 2025." Ilichukua wiki moja na nusu, wakakubali.

Ilibaki hatua ndogo ambayo karibu tuisahau. Agizo la benki la tarehe 5 Novemba lilikuwa bado hai. Tusingelisimamisha, Novemba nayo ingelipwa mara mbili. Wifi alikwenda tawini akajaza fomu ya kusimamisha mwezi mmoja, agizo liendelee Desemba, na akaomba nakala yenye muhuri.

Kulipanga upya

Mshahara wake huingia kati ya tarehe 3 na 6, ukitoka benki nyingine. Agizo la tarehe 5 lilikuwa linapita kwa bahati tu kwa miezi yote ile saba. Tuliiomba Sacco ihamishe siku ya rejesho iwe tarehe 10, kwa barua, kisha ndipo tukabadilisha agizo la benki. Ni kwa utaratibu huo: ukianza na benki, utakuwa unachelewa siku tano kila mwezi machoni pa Sacco.

Kiasi cha kuacha kwenye akaunti sasa ameandika kwenye kalenda ya jikoni: rejesho 12,400, ada 60, kiwango cha chini 1,000, na 700 za kuziba faini au makato ya ghafla. Jumla 14,160, na anaisoma kwenye salio la kutumika likiwa limebaki 13,160, kwa maana ile 1,000 haionekani pale. Anaangalia tarehe 8 jioni, siku mbili kabla, ili kama pamepungua apate siku nzima ya kazi ya kuziba.

Alikuwa pia na mkopo wa simu uliokuwa ukijikata kwenye akaunti ileile, nao ameuhamishia tarehe 20. Na ameiangalia tarehe ya mwisho ya agizo, ambayo hakuwahi kuisoma: lilikuwa limeandikwa likome Machi, ilhali mkopo wenyewe unaisha Julai.